Shajara ya mradi: kukata rekodi za semina bila kusimba upya

Hali ya kuanzia

Kazi ni kugawa rekodi ndefu za mafunzo ya uwekaji hesabu kwa vikundi vya VICOBA. Kila somo liwe kipande chake cha dakika moja hadi tano, chepesi kutumwa kwa simu. Rekodi ni faili za `.mp4`. Picha imebanwa kwa H.264, ukubwa wa 1280x720, fremu 25 kwa sekunde. Sauti ni AAC ya kilohezi 48.

Sharti la mradi ni kukata bila kusimba upya kila inapowezekana. Kila usimbaji mpya hupunguza ubora kidogo, na kwenye rekodi za aina hii kinachoharibika kwanza ni tarakimu ndogo za jedwali kwenye slaidi, yaani kile hasa ambacho mtazamaji anahitaji kukisoma. Sababu nyingine ni muda. Kunakili data ilivyo huisha ndani ya sekunde chache hata kwenye kompyuta dhaifu ya mapajani, ilhali kusimba rekodi nzima huifanya kompyuta hiyo hiyo ivume kwa muda mrefu.

Tatizo lililofungua shajara hii ni kwamba vipande havianzi pale vilipoombwa. Tumechukua kimoja kuwa mfano, na namba zote zilizo hapa chini ni zake. Faili ni `semina.mp4`. Mtoa mada anaanza kueleza daftari la hisa kwenye 12:34.4, sawa na sekunde 754.4, na anamaliza kwenye 13:20, sawa na sekunde 800. Kipande kinatakiwa kiwe na sekunde 45.6, ambazo ni fremu 1140 kamili. Kilichotoka kinaanza 12:30, na sekunde nne za mwanzo zinaonyesha mazungumzo ya mapumziko.

Jumatatu: kusoma faili kabla ya kuigusa

Video iliyobanwa haihifadhi picha 25 kamili kwa kila sekunde. Ingefanya hivyo, rekodi ya saa mbili isingeingia kwenye diski ya kawaida. Inachohifadhi ni picha kamili mara mojamoja, na katikati yake maelezo ya mabadiliko tu: kipande hiki cha picha kimesogea kulia pikseli tatu, pale midomo imebadilika, kwingine pabaki kama palivyokuwa. Picha kamili ndiyo tutakayoiita fremu kuu. Kwenye programu nyingi inaandikwa `keyframe`, na wanaoshughulika na H.264 huitaja pia kama fremu ya I, au IDR inapokuwa ya aina ambayo hakuna fremu inayofuata inayoruhusiwa kutazama nyuma yake. Fremu za P hutegemea fremu zilizotangulia. Fremu za B hutegemea zilizotangulia na pia zinazokuja.

Mwenye duka huhesabu mali yote mara moja, kisha kila siku huandika tu "imetoka mifuko miwili, imeingia mitano". Ukichana kurasa za mbele zenye ile hesabu kamili, zilizobaki zina maandishi sahihi kabisa, lakini huwezi tena kujua dukani mna mifuko mingapi. Kukata video katikati ya fremu za mabadiliko ni hivyo hivyo. Data ipo na haina kosa, ila haina cha kuijenga juu yake.

Jambo la kwanza basi si kukata, ni kujua fremu kuu ziko wapi. `ffprobe`, inayokuja pamoja na `ffmpeg`, programu yetu ya kukatia, inazitaja bila kusimbua picha hata moja:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -read_intervals 745%800 \
  -show_entries packet=pts_time,flags -of csv=p=0 semina.mp4 | grep K
```

Herufi `K` kwenye safu ya mwisho ndiyo alama ya fremu kuu. Majibu:

```
740.000000,K__
750.000000,K__
757.320000,K__
767.320000,K__
777.320000,K__
787.320000,K__
797.320000,K__
```

Tuliomba kuanzia 745 na orodha imeanza 740. Hata chombo cha kusoma tu kinarudi hadi kwenye fremu kuu iliyo nyuma kabla ya kuanza kazi.

Nafasi za sekunde 10 zinaonyesha mipangilio iliyotumika wakati wa kurekodi. Kisimbaji cha x264 kisipoambiwa kitu huruhusu fremu 250 kutoka fremu kuu moja hadi nyingine, na fremu 250 kwa kasi ya 25 ni sekunde 10. Ile ya 757.32 imekuja kabla ya zamu yake, fremu 183 baada ya iliyotangulia. Hapo ndipo kamera ilipoachwa na slaidi ikajaza skrini. x264 hutambua picha inapobadilika kwa ghafla na huweka fremu kuu papo hapo, kwa kuwa kueleza mabadiliko ya picha nzima hakuna faida kuliko kuiandika upya. Baada ya hapo hesabu ya 250 inaanza tena, na ndiyo maana zilizobaki zote zinaishia na .32.

Kwa hiyo alama yetu ya 754.4 iko sekunde 4.4 baada ya fremu kuu moja na sekunde 2.92 kabla ya nyingine. Kila kilichotokea kwenye majaribio kinatokana na namba hizo mbili.

Jumanne: amri ileile, matokeo matatu

Amri ya kwanza inaweka `-ss`, yaani mahali pa kuanzia, mbele ya `-i`, yaani faili ya kusomwa:

```
ffmpeg -ss 754.4 -i semina.mp4 -t 45.6 -c copy a.mp4
```

`-c copy` inamaanisha nakili, usisimbe. Programu inaruka hadi 754.4, inakuta pale pana fremu ya mabadiliko, inarudi nyuma hadi 750 na kuanza kunakili kutoka hapo. Haina njia nyingine, kwa sababu fremu ya 754.4 haijengeki bila zile 110 zilizo kati yake na 750, ile ya 750 yenyewe ikiwa mojawapo.

Tulipofungua `a.mp4` kwenye kompyuta, ilianza mahali sahihi kabisa. Kwenye simu moja ilianza sekunde nne mapema. Faili ni ileile, baiti kwa baiti. Tofauti imetokana na sehemu ndogo ya MP4 iitwayo `elst`, orodha inayoiambia pleya ni kipande gani cha mkondo kionyeshwe. `ffmpeg` imenakili kila kitu tangu 750, kisha ikaandika kwenye `elst` kwamba sekunde 4.4 za mwanzo zisimbuliwe bila kuonyeshwa. Pleya inayoitii orodha hiyo huanza 754.4. Isiyoitii huonyesha kila ilichokikuta.

Tuliibadilisha amri ileile itoe `a.mkv`. Matroska haina orodha hiyo, kwa hiyo mihuri ya muda ilisogezwa mbele ianzie sifuri na kila pleya ikaonyesha yote. Kipande kikawa na sekunde 50 kamili, zile 45.6 tulizoomba na 4.4 za ziada. Kwa kazi ya uchunguzi tunaipendelea MKV kwa sababu hiyo hiyo: inaonyesha kilichomo ndani.

Amri ya pili inapeleka `-ss` nyuma ya `-i`:

```
ffmpeg -i semina.mp4 -ss 754.4 -t 45.6 -c copy b.mp4
```

Maelekezo mengi yanasema mpangilio huu ndio sahihi zaidi. Ni kweli unaposimba upya kwa matoleo ya zamani. Unaponakili ni kinyume. Hapa programu inasoma faili tangu mwanzo, inatupa pakiti zote za kabla ya 754.4, kisha inasubiri fremu kuu ya kwanza ya picha. Hiyo ni 757.32. Sauti haisubiri, maana kwenye AAC kila pakiti inaweza kuwa mwanzo. Matokeo ni kipande chenye sauti ya 754.4 na picha ya 757.32. Kwa sekunde 2.92 mtoa mada anasikika huku skrini ikiwa nyeusi, au imeganda kwenye fremu ya kwanza, kulingana na pleya. Pleya isiyoitii `elst` hufanya vibaya zaidi. Inaanza picha na sauti kwa pamoja, na kipande kizima kinakuwa na picha inayoitangulia sauti kwa karibu sekunde tatu.

Hili la pili ndilo linalowapoteza wengi, kwa kuwa dalili yake inafanana na hitilafu ya kamera au kipaza sauti. Kipimo cha kulitambua ni kifupi: linganisha muhuri wa pakiti ya kwanza ya picha na ule wa sauti.

```
ffprobe -v error -show_entries stream=codec_type,start_time -of csv=p=0 b.mp4
```

Picha ikionyesha karibu 2.92 na sauti karibu sifuri, si kosa la kurekodi. Ni mkato uliosubiri fremu kuu.

Jaribio la tatu lilikuwa la kuona kwa macho tu. Ukiongeza `-copyinkf` kwenye amri ya pili, programu inakubali kunakili hata fremu zisizo kuu. Picha ilianza 754.4 kama ilivyoombwa, lakini ikiwa ukungu wa kijivu. Palipokuwa na mwendo, mikono na midomo ya mtoa mada, vilijitokeza vipande vya rangi vikielea, na vilivyotulia havikuonekana kabisa. Ukungu uliondoka ghafla kwenye 757.32. Anayetaka kumwonyesha mwenzake maana ya fremu ya mabadiliko hatapata mfano bora zaidi ya huo.

Mwisho wa kipande hauna tatizo hilo. Hakuna fremu inayohitajiwa baada ya ile ya mwisho, kwa hiyo unaweza kusimama popote. Kinachobaki ni upotovu mdogo wa fremu za B. Kwa kuwa hutegemea fremu inayokuja, faili huzihifadhi kwa mpangilio wa kusimbua, si wa kuonyesha: ya mbele huandikwa kwanza, zinazoihitaji zikafuata. Kunakili kunasimama kwa kutazama mpangilio wa kusimbua, na hivyo mwisho unaweza kuzidi au kupungua kwa fremu chache. Kwa fremu 25 kwa sekunde, mbili ni milisekunde 80. Mwisho wa sentensi huwa na kimya kirefu kuliko hapo, kwa hiyo tumeliacha.

Jumatano: kilichofichwa hakijafutwa

Siku hii haikuwa kwenye mpango, lakini suala la `elst` halikupaswa kuachwa lilivyo.

Katika zile sekunde 4.4 zinazofichwa, slaidi ya mapumziko ilikuwa bado kwenye skrini ikiwa na namba ya simu ya mshiriki. Mhariri alichagua 754.4 makusudi ili namba isionekane. Kwenye kompyuta yake haionekani. Hata hivyo `a.mp4` ina fremu zote 110 za kipande hicho, na yeyote anaweza kuzitoa. Tuliihakikisha hivi:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries packet=pts_time,flags \
  -of csv=p=0 a.mp4 | head -3
```

Mstari wa kwanza ulisoma `-4.400000,KD_`. Muhuri hasi maana yake ni kabla ya mwanzo wa kipande, na `D` ni alama ya kutupa baada ya kusimbua. Ukiongeza `-ignore_editlist 1` kabla ya jina la faili, `D` zinaondoka na kipande kinarudi kuwa sekunde 50. Kuifungua `a.mp4` kwa pleya isiyoijali orodha kunatosha kuitoa slaidi nzima.

Kanuni tuliyoiandika kwenye maelekezo ya mradi haina msamaha. Mkato unaokusudiwa kuondoa kitu, yaani jina, namba, sura ya mtoto au maneno yaliyosemwa kwa siri, haufanywi kwa kunakili kutoka fremu kuu ya nyuma. Utafanywa kutoka fremu kuu ya mbele, au kwa kusimba upya. Kisha faili ikaguliwe kwa amri ya hapo juu, ikiondolewa `-select_streams v:0` na `| head -3` ili isome sauti pia, na pasiwe na muhuri hasi hata mmoja kwenye picha wala kwenye sauti. Kuitazama tu kwenye pleya hakuhesabiwi kuwa ukaguzi.

Alhamisi: kuchagua pa kuangukia

Kwa vipande vingi hakuna siri yoyote, na suluhisho la bei nafuu ni kuacha kupigania fremu kamili. Mhariri anaandika alama yake, orodha ya fremu kuu inawekwa kando yake, naye anachagua iliyo nyuma au iliyo mbele. Nyuma maana yake ni maneno ya ziada mwanzoni. Mbele maana yake ni kupoteza kitu. Kwa masomo ya kusikilizwa karibu kila mara nyuma ndiko kunakofaa, kwa sababu hakuna mtazamaji anayelalamika kwa sekunde nne za mtu anayevuta pumzi na kupanga karatasi, lakini sentensi iliyokatwa kichwa husikika mara moja.

Kuna mtego mmoja. Ukiiomba programu ianze kwenye 757.32 hasa, inaweza kukupeleka 750. Kwenye video zenye fremu za B muhuri wa kusimbua hutofautiana na wa kuonyesha, na `ffmpeg` hujilinda kwa kurudi nyuma kidogo, takriban sekunde 0.13, kwa aina za faili ambazo haiwezi kuzitafuta kwa muhuri wa kuonyesha. Urudishaji huo unatosha kuivuka fremu kuu uliyoilenga na kuangukia iliyotangulia. Dawa ni kuomba kidogo mbele ya fremu kuu. Tukiomba 757.5, fremu kuu ya karibu kwa nyuma bado ni 757.32 hata baada ya kurudi sekunde 0.13, na kipande kinaanzia hapo.

Programu za kubofya zina chaguo hilo pia. LosslessCut, ambayo ndani yake inatumia `ffmpeg`, ina vitufe vya kuruka kutoka fremu kuu moja hadi nyingine. Kwa mhariri asiyependa dirisha la amri hiyo inatosha, mradi ajue kwamba mshale akiuweka katikati, mkato hautabaki katikati.

Ijumaa: kusimba fremu 73 tu

Baadhi ya vipande havivumilii kuhama. Mfano wetu ni mmojawapo kwa sababu ya ile slaidi: nyuma kuna namba ya simu, mbele sentensi ya kwanza ya somo inapotea. Kilichobaki ni kusimba upya sehemu fupi kuanzia alama hadi fremu kuu inayofuata, kisha kunakili zilizobaki. Kutoka 754.4 hadi 757.32 ni fremu 73. Kutoka hapo hadi 800 ni fremu 1067 ambazo hatuzigusi. Jumla ni 1140.

Kichwa kinasimbwa hivi:

```
ffmpeg -ss 754.4 -i semina.mp4 -t 2.92 -an -c:v libx264 -profile:v high \
  -pix_fmt yuv420p -crf 16 kichwa.ts
```

Hapa `-ss` ya mbele ni sahihi hadi fremu. Inaposimba upya, programu inarudi 750, inasimbua fremu 110 kimyakimya, inazitupa, na kuanza kuandika kwenye 754.4. Fremu ya kwanza ya kichwa inakuwa fremu kuu mpya. `-crf 16` ni ubora wa juu kuliko kawaida ya 23. Kwa sekunde tatu ukubwa hauumi, na mtazamaji hapaswi kuona mshono.

Mwili unanakiliwa kwa ule ujanja wa 757.5, na urefu unahesabiwa kutoka hapo hadi 800:

```
ffmpeg -ss 757.5 -i semina.mp4 -t 42.5 -an -c copy mwili.ts
```

Tumetumia `.ts` badala ya `.mp4` kwa makusudi. Kila mkondo wa H.264 una maelezo yake ya msingi, SPS na PPS, yanayomwambia msimbuaji ukubwa wa picha, idadi ya fremu za kurejelea na kadhalika. Kwenye MP4 maelezo hayo hukaa mara moja tu kwenye kichwa cha faili. Ukiunganisha MP4 mbili zilizosimbwa kwa mipangilio tofauti, ya kwanza inaleta maelezo yake na ya pili inasomwa kwa maelezo yasiyo yake. Dalili ni picha safi hadi kwenye mshono, kisha kijani, kijivu au miraba inayotetemeka. Kwenye TS maelezo hurudiwa mbele ya kila fremu ya IDR, kwa hiyo msimbuaji anapofika kwenye mshono anapata mapya.

Orodha ya kuunganisha, `orodha.txt`:

```
file 'kichwa.ts'
duration 2.92
file 'mwili.ts'
```

Mstari wa `duration` usiachwe. TS haiandiki urefu wake popote, programu inaukadiria, na makadirio yakipungua kwa fremu moja mihuri ya vipande viwili inapandana. Ishara yake kwenye dirisha la amri ni onyo lenye maneno `Non-monotonic DTS`, na kwa macho ni mshituko mdogo kwenye mshono.

Sauti hatuiungi. Pakiti moja ya AAC ina sampuli 1024, na kwa kilohezi 48 hiyo ni milisekunde 21.3. Alama ya 754.4 inaangukia katikati kabisa ya pakiti, ikiwa na sampuli 512 kila upande, kwa hiyo hata sauti haina pa kukatiwa hasa. Isitoshe, kila pakiti ya AAC hupishana na iliyotangulia ili kupata sauti kamili, na pakiti ya kwanza baada ya mkato hutoka ikiwa na kasoro. Milisekunde 10 hakuna anayezisikia mwanzoni mwa kipande, lakini kwenye mshono zinaweza kutoa mlio kama wa kubofya. Kusimba upya sauti ya sekunde 45.6 ni kazi ya kufumba na kufumbua, basi tunaisimba yote:

```
ffmpeg -f concat -i orodha.txt -ss 754.4 -t 45.6 -i semina.mp4 \
  -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac -b:a 128k kipande.mkv
```

Ukaguzi ni wa hatua mbili. Kwanza faili yote inasimbuliwa bila kuandikwa popote, na kinachotakiwa ni kimya kitupu:

```
ffmpeg -v error -i kipande.mkv -f null -
```

Pili, mtu anatazama sekunde ya 2 hadi ya 4 akiwa na vipokea sauti masikioni, macho yakiwa kwenye midomo ya mtoa mada hadi slaidi inapojaza skrini. Hitilafu ya fremu moja haitajitokeza kwenye amri yoyote, lakini midomo inayokosana na sauti kwa fremu tano au sita inaonekana.

Njia hii haifai kila mahali. Rekodi za H.265 zina tabia nyingine. Kisimbaji cha x265 kwa kawaida yake huruhusu fremu za B zinazoonyeshwa kabla ya fremu kuu kutegemea fremu za kundi lililopita. Fremu kuu ipo na `K` inaonekana, lakini ukianzia hapo zile chache zinazoitangulia kwenye kuonyesha hazisimbuliki, na msimbuaji huzitupa. Kipande kinaanza fremu kadhaa baada ya ulipodhani, na ukiunga, panabaki pengo dogo kwenye mshono. Kwa rekodi hizo tumeamua kusimba kipande kizima. Ni chache.

Jumamosi: mipangilio ya rekodi zijazo

Kazi yote ya juma imetokana na nafasi ya sekunde 10, na nafasi hiyo inaweza kupunguzwa kabla kamera haijawashwa. Kwenye OBS, programu ya kurekodia, iko kwenye mipangilio ya `Output`, kisanduku cha `Keyframe Interval`. Kikiachwa sifuri, x264 inatumia fremu zake 250.

Kishawishi ni kuandika 1 na kusahau. Tulipima kwanza gharama yake kwenye faili yetu. Fremu kuu za slaidi zina takriban kilobaiti 90 kila moja, za mabadiliko ni kilobaiti chache tu. Kwa nafasi ya sekunde 10 unalipa kilobaiti 90 mara moja. Kwa nafasi ya sekunde 2 unalipa mara tano, yaani kilobaiti 360 zaidi kwa kila sekunde 10, karibu kilobiti 290 kwa sekunde. Kwenye rekodi inayotumia kilobiti 900 kwa sekunde hilo ni karibu theluthi. Kama kasi ya biti imefungwa, faili haikui, ila theluthi hiyo inakatwa kwenye ubora, na tunarudi kwenye tarakimu zisizosomeka.

Kwa sekunde 4 nyongeza inashuka hadi kilobiti 110 hivi kwa sekunde. Upotovu mkubwa kabisa unakuwa sekunde 4 badala ya 10, na wa wastani ni 2. Kwa kuwa x264 itaendelea kuongeza fremu kuu kila slaidi inapobadilika, na masomo mengi huanza kwa slaidi mpya, mara nyingi mkato utakuwa karibu zaidi ya hapo. Tumeandika 4. Semina zinazorushwa moja kwa moja kwenye YouTube zitabaki na 2, kwa kuwa hicho ndicho kipimo wanachokipendekeza, na wanataka isizidi 4.

Kwa rekodi ambazo lazima zisimbwe upya kwa sababu nyingine, kama kupunguza ukubwa, alama za mhariri zinaingizwa humo humo kwa `-force_key_frames 754.4,800` na kisimbaji kinaweka fremu kuu kwenye kila alama. Kuanzia hapo kukata kwa kunakili kunaangukia pale pale.

Zilizobaki kwenye foleni ni rekodi za zamani zenye nafasi ya sekunde 10. Orodha ya fremu kuu ya kila moja imeshatolewa na kuwekwa kando ya alama za wahariri. Zenye taarifa za watu zimewekewa rangi nyekundu, na hizo ndizo zinazokatwa kwanza.